Chaguo la Kwanza Lina Majirani: Mwongozo wa Kipindi cha Kazi kwa Kidato cha Mwisho

Mwaka wa kwanza nilipopewa jukumu la kuwashauri wanafunzi kuhusu kazi, niliingia darasani na swali moja tu: "Na ukikosa hiyo, utafanya nini?" Darasa lote likanyamaza. Kijana aliyekaa karibu na dirisha akaandika haraka haraka, akaniletea karatasi: daktari, daktari wa meno, mfamasia. Nikamwekea vema. Matokeo yalipotoka, kemia ilikuwa imemwangusha, na machaguo yake yote matatu yakaanguka siku ile ile, maana yote yalipita mlango mmoja.

Kosa halikuwa lake. Mimi ndiye niliyemuuliza vibaya, kisha nikasahihisha vibaya. Mwongozo huu ni wa kipindi ninachokifundisha sasa badala ya kile. Kinahitaji vipindi viwili vya dakika themanini, na wiki moja katikati ambayo wanafunzi wanaitumia kuongea na watu walio kazini. Kifanyike muhula mmoja kabla fomu za maombi ya vyuo hazijafungwa. Baada ya matokeo, mwanafunzi aliyeumia hasikii neno kuhusu njia nyingine. Anasikia kwamba ameshindwa.

Kabla ya kipindi: karatasi moja kwa kila mwanafunzi

Siku tatu kabla, wape kila mmoja karatasi aandike kazi anayoitaka na sababu moja ya kuitaka. Basi. Usiombe chaguo la pili. Zisome usiku, na uangalie zaidi sababu kuliko kazi. "Nataka kusaidia watu" haikuambii kitu, kwa sababu muuguzi, fundi bomba na dereva wa gari la wagonjwa wote wanasaidia watu. "Nilimwona mtu akitazama picha ya mfupa akajua ulipovunjika" inakuambia mengi sana. Zile za kwanza utazifanyia kazi darasani. Zile za pili tayari zimeanza kujieleza.

Andaa pia orodha ya kazi kutoka kwenye uainishaji wa kazi wa Shirika la Kazi Duniani. Jina lake la kutafutia mtandaoni ni ISCO-08, na unapatikana bila malipo. Tafsiri majina ya kazi mwenyewe mapema kwa yale makundi ambayo darasa lako limeyataja. Kwangu huwa ni makundi manne au matano, kwa hiyo ni kazi ya jioni moja.

Hatua ya kwanza: vunja kazi iwe vitenzi

Anza kipindi kwa kuwaambia wakunje karatasi zao na kuziweka chini ya daftari. Hakuna anayenyang'anywa ndoto yake leo. Neno "ukikosa" nimeliondoa kabisa kwenye kipindi hiki, pamoja na ndugu yake "mbadala". Mwanafunzi akilisikia anajikunja, na kila atakachoandika baada ya hapo kitakuwa cha kujilinda.

Kisha kila mmoja aandike vitenzi kumi vya kazi aliyoitaja: mtu wa kazi hiyo anafanya nini Jumatatu saa nne asubuhi? Si cheo chake, si mavazi yake. Anashika nini, anatazama nini, anaongea na nani, anaandika nini? Wengi watakwama kwenye kitenzi cha nne, na kukwama huko ni habari muhimu: mwanafunzi amechagua kazi ambayo hajawahi kuiona ikifanywa. Waache wasaidiane wawili wawili.

Binti mmoja wa darasa langu, aliyetaka udaktari tangu akiwa mdogo, aliandika hivi: kumsikiliza mgonjwa, kumpima, kutafuta chanzo cha ugonjwa, kuagiza vipimo, kusoma majibu ya vipimo, kuandika dawa, kujaza faili, kumwambia ndugu habari mbaya, kukesha zamu ya usiku, kupasua. Orodha nzuri kabisa. Nikamwambia aweke alama tatu: duara kwa kitenzi ambacho angekifanya hata bila kulipwa, mstari kwa kile anachoweza kukivumilia, na mkasi kwa kile ambacho moyo unakikataa.

Alizungusha duara tatu: kutafuta chanzo, kuagiza vipimo, kusoma majibu. Mkasi uliangukia kupasua na kukesha. Kumsikiliza mgonjwa kulipata mstari tu. Aliitazama karatasi yake kitambo, akasema, "Mwalimu, kumbe napenda upelelezi."

Hapo usiseme kitu. Vishawishi vya kumwambia "basi udaktari haukufai" ni vikubwa, na ni uongo pia, kwa kuwa kuna madaktari ambao kazi yao yote ni upelelezi wa aina hiyo. Vitenzi havifuti chaguo la kwanza. Vinaonyesha ni kipande gani cha chaguo hilo anachokitafuta hasa, ili akitambue akikikuta mahali pengine.

Hatua ya pili: tafuta majirani kwa namba

Sasa toa orodha. Uainishaji huu umezipa kazi zote duniani namba za tarakimu nne, na namba hizo zinasomwa kama anwani ya nyumba. Tarakimu ya kwanza ni kundi kubwa: 2 ni wataalamu, ambao kwa kawaida wamesoma hadi shahada, 3 ni mafundi sanifu na wataalamu washirika, ambao mara nyingi mafunzo yao ni mafupi zaidi, 7 ni mafundi wa ufundi stadi, na kuendelea. Tarakimu ya pili inataja fani ndani ya kundi hilo. Kwa hiyo 22 ni wataalamu wa afya na 32 ni mafundi sanifu wa afya. Mtaa ni ule ule, ngazi ya nyumba ndiyo imebadilika.

Waonyeshe ubaoni kwa mfano mmoja. Daktari wa kawaida ni 2211, daktari bingwa ni 2212. Ukibaki ndani ya 22 unakutana na muuguzi 2221, mkunga 2222, daktari wa wanyama 2250, mfamasia 2262, mtaalamu wa afya ya mazingira na usalama kazini 2263, mtaalamu wa tiba ya viungo 2264, mtaalamu wa lishe 2265. Ukivuka kwenda 32 unamkuta anayeendesha mashine za picha za mwili, 3211, fundi wa maabara ya tiba, 3212, na anayetengeneza viungo na meno ya bandia, 3214.

Kila mwanafunzi achukue namba ya kazi yake na afanye matembezi matatu. La kwanza, abadilishe tarakimu za mwisho tu, apate majirani wa ukuta kwa ukuta. La pili, ahamie kundi kubwa jingine na kubaki na fani ile ile, apate kazi ya ngazi nyingine. La tatu ni gumu kidogo: aachane na namba kabisa, achukue kitenzi chake chenye duara, na akitafute mtaa mwingine. Binti wa upelelezi alipofika hapo alikipata kwenye 2120, kundi la wanahisabati na watakwimu, ambako mtu anaweza kukaa na takwimu za wagonjwa mpaka ajue ugonjwa ulianzia wapi.

Matembezi haya yana maajabu yake, na yaache yatokee. Wanaotaka urubani hushtuka kukuta namba yao ni 3153, kundi la 3 na si la 2, na kwamba mlango wa pili kutoka kwao, 3152, anakaa nahodha wa meli. Upande mwingine, 3154, yupo anayeongoza ndege akiwa chini. Fundi wa ndege yuko mbali, 7232, lakini anashika injini ile ile. Kijana mmoja aliyekuwa akiichora ndege kwenye kila daftari hakuwahi kufikiri kwamba ndege moja inapotua salama ni kazi ya namba tatu tofauti.

Orodha ina mipaka yake, na waambie mapema. Imepanga kazi kwa ujuzi unaohitajika, haikupanga kwa kinachompendeza mtu, ndiyo maana tunahitaji tembezi la tatu. Kazi moja pia inaweza kuonekana mara mbili: uuguzi upo 2221 na upo 3221, kutegemea ngazi ya mafunzo. Na haikuambii kama kazi zipo, wala nani anatoa leseni.

Hatua ya tatu: fungua kapu la takataka

Hii ndiyo hatua ambayo walimu wengi wanaiacha, na kwangu ndiyo yenye thamani kuliko zote.

Mwaka 1981 mwanasaikolojia Linda Gottfredson alitoa nadharia inayoeleza kwamba watoto hawachagui kazi, wanazifuta. Kuanzia kama miaka sita hadi minane wanafuta zile wanazoona si za jinsia yao. Kuanzia kama tisa hadi kumi na mitatu wanafuta zile wanazoona ni za chini mno, na zile wanazoona ziko juu kuliko uwezo wao. Ni baada ya hapo tu ndipo wanaanza kujiuliza wanapenda nini, na wanajiuliza ndani ya kile kilichobaki. Vilivyofutwa havirudishwi mezani kirahisi, kwa sababu mtu hakumbuki hata kwamba alivifuta.

Kwa hiyo mwambie kila mwanafunzi arudi kwenye majirani aliowapata na kuwakata wale asiowataka, lakini kando ya kila mkato aandike sababu kwa maneno matatu au manne. Kisha wakusanye sababu hizo ubaoni bila majina. Ubao wangu mwaka jana ulisomeka: "ya wanawake", "unachafuka", "sijui ni nini", "sitaheshimiwa", "hisabati nyingi", "sipendi wanyama", "baba atakataa".

Pangeni sababu hizo mafungu mawili: zinazohusu kazi yenyewe, na zinazohusu macho ya watu. "Hisabati nyingi" na "sipendi wanyama" zinahusu kazi. Zinaheshimiwa na mkato unabaki. "Sijui ni nini" si sababu hata kidogo; kazi hiyo inarudi mezani. "Ya wanawake" na "sitaheshimiwa" usizihubirie. Uliza tu: kama kazi hii ingekuwa na jina jingine ambalo hakuna mtu amelisikia, ungeikata? Binti wetu alikuwa ameikata maabara kwa maneno "kufungiwa chumbani na mikojo ya watu". Nilipomrudishia karatasi yake ya vitenzi na kumwomba aoanishe, aliona maduara yake mawili, kuagiza vipimo na kusoma majibu, yakiwa jirani kabisa na chumba kile. Akaandika maabara upya kwa penseli. Penseli inatosha kwa siku ya kwanza.

Wiki ya katikati: mazungumzo ya dakika ishirini

Kila mwanafunzi aongee na mtu mmoja anayefanya mojawapo ya kazi jirani, si kazi ya chaguo la kwanza. Ana kwa ana au kwa simu, na mzazi au wewe mjue ni nani. Kazi yako ni kuwapa maswali mazuri, kwa sababu wakiachwa watauliza "Je, unaipenda kazi yako?" na watajibiwa "Ndiyo, namshukuru Mungu," na mazungumzo yamekwisha.

Maswali yangu ni manne. Jana saa nne asubuhi ulikuwa unafanya nini hasa? Ni sehemu gani ya kazi hii ambayo hakuna aliyekuambia kabla hujaianza? Uliingiaje, na wenzako waliingiaje kwa njia nyingine? Mtu akichoka na kazi hii, huwa anahamia wapi? La mwisho ndilo linaloleta majibu ya ajabu, kwa sababu linaonyesha majirani ambao orodha haina.

Binti aliongea na fundi wa maabara, akarudi na jambo moja ambalo nisingeweza kumfundisha: kwamba sehemu kubwa ya asubuhi haikuwa kutazama darubini bali kuhakiki kwamba mashine inasema kweli, kwa kuipitishia sampuli ambazo majibu yake yanajulikana tayari. "Wanaipeleleza mashine kwanza," alisema, na macho yalikuwa yanacheka.

Hatua ya nne: panga kwa milango

Kipindi cha pili kinafanyika mkiwa na mwongozo rasmi wa udahili wa mwaka husika, uliochapishwa au ulio kwenye simu. Usitumie kumbukumbu yako, wala ya kaka aliyeingia chuo miaka mitatu iliyopita. Masharti hubadilika, na mwanafunzi aliyedanganywa kwa nia njema amedanganywa vilevile.

Kwa kila kazi iliyobaki mezani, mwanafunzi aandike mambo manne tu: masomo ya lazima, alama ya chini ya kila somo, urefu wa mafunzo, na tarehe ya mwisho ya kuomba. Kisha aweke pembeni makadirio ya alama zake mwenyewe, yatokane na mitihani yake miwili ya mwisho na si matumaini. Sasa tafuteni somo linalojirudia kwenye kila mstari. Hilo ndilo bawaba. Likivunjika, milango yote iliyoning'inia juu yake inaanguka pamoja, kama ilivyomtokea yule kijana wa dirishani.

Binti alikuwa na biolojia nzuri sana, fizikia nzuri, hisabati ya wastani, na kemia inayoyumba. Kwenye mwongozo tuliokuwa nao, udaktari ulidai kemia. Famasia ilidai kemia. Shahada ya sayansi ya maabara nayo ilidai kemia, ila kwa alama ya chini kidogo. Stashahada ya mashine za picha za mwili ilisimama zaidi kwenye fizikia na biolojia, na kemia iliruhusiwa kuwa ya kupita tu.

Tukapanga hivi. Chaguo la kwanza lilibaki udaktari, na hakuna aliyelipigia kelele. La pili, maabara: bawaba ni ile ile lakini inahitaji kubeba uzito mdogo zaidi. La tatu, mashine za picha: bawaba tofauti kabisa. Kemia ikimwangusha kidogo, la pili lipo. Ikimwangusha sana, la tatu limesimama. Na yote matatu yana kitenzi chenye duara ndani yake, kusoma majibu na kutafuta chanzo, kwa hiyo hakuna hata moja lililowekwa kujaza nafasi kwenye fomu.

Sheria ninayowapa ni fupi: kati ya machaguo matatu, angalau moja lisitegemee somo lako dhaifu, na angalau moja liwe la ngazi ambayo alama zako za leo, zisipopanda hata moja, zinaitosha. Mwanafunzi akishindwa kutimiza sheria hii, rudi naye hatua ya pili, mkatembee tena; mara nyingi hajafika kwenye tembezi la tatu.

Mtego mmoja uko hapa. Mwanafunzi ataambiwa, "Anza na stashahada, baadaye utahamia shahada ya udaktari." Wakati mwingine ni kweli, wakati mwingine njia hiyo haipo, au ipo lakini unaanza mwaka wa kwanza upya. Swali la kuuliza chuo, kwa maandishi, ni hili: mwenye stashahada hii anaruhusiwa kuomba shahada ipi, na anaingia mwaka wa ngapi? Jibu likichelewa au likiwa la mzungukomzunguko, mfundishe mwanafunzi ahesabu kwamba njia hiyo haipo, na aichague stashahada kwa sababu anaitaka yenyewe.

Utajuaje kama kipindi kimefanya kazi

Mwisho wa kipindi cha pili, kusanya karatasi na uzisome ukitafuta dalili tatu mbaya. Ya kwanza ni machaguo matatu yenye bawaba moja. Ya pili ni chaguo la tatu lisilo na kitenzi hata kimoja chenye duara. Huyo amejaza fomu kukuridhisha. Ya tatu ni mwanafunzi aliyelifuta chaguo lake la kwanza bila sababu inayohusu kazi yenyewe. Huyo muite peke yake. Pengine amekosea kukuelewa, akadhani ulimwambia hawezi. Pengine nyumbani kuna jambo, na karatasi ya darasani si mahali pake.

Kwa wale ambao sababu yao ubaoni ilikuwa "baba atakataa", nimegundua kwamba kumpelekea mzazi jina la kazi hakusaidii. Mzazi hajui fundi wa mashine za picha ni nani, na asichokijua anakiona kidogo. Mwanafunzi apeleke karatasi ya milango: hizi ndizo alama zangu, hivi ndivyo vigezo, hapa ndipo kemia inaponiangusha, na huyu ndiye mtu niliyeongea naye. Baba wa binti alikuja shuleni akiwa ameikunja karatasi hiyo mfukoni mwa shati. Akaifungua juu ya meza yangu, akaweka kidole kwenye mstari wa tatu, akauliza, "Mwalimu, hii ya picha, maombi yake yanafungwa lini?"